Hukuhesabu vigae

*"Bibi yetu yuko Newala na kila msimu hupanga kazi ya korosho kwa kokoto, vigae na kalenda ya ukutani. Mwaka jana nilimwomba aniachie mimi nipange kwa simu. Tuko watu wazima watatu, tuna majamvi manne ya kuanikia, nikaongeza vibarua wanne ili tumalize mapema. Kuokota tulimaliza mapema kweli, lakini korosho nyingi ziliota ukungu na zikashushwa daraja. Bibi hakunifokea. Alisema tu, 'Hukuhesabu vigae.' Alikuwa na maana gani? Na msimu huu nirudi kwenye kokoto zake au nirekebishe mpango wangu wa simu?"*

Vigae ni majamvi, mwanangu. Kokoto ni mikono. Bibi yako alikuambia kwa maneno mawili kwamba ulihesabu mikono ya kuokota, ukasahau kuhesabu mahali pa kuanikia. Nimefanya kazi ya ugani kwenye korosho huku kusini kwa miaka mingi, na kosa hilo nimelikuta kwa wakulima wenye simu nzuri na kwa wasio na simu kabisa, kwa hiyo usilibebe kama aibu yako peke yako. Ila ukishaelewa vigae vinafanya nini, mpango wako wa simu utarekebishika kwa safu moja tu ya ziada, na utaona pia kwa nini bibi hataki kuziacha kokoto zake.

Njia hiyo nilijifunza kwa bibi mwingine, wa upande wa Tandahimba. Nilikuwa nimekwenda kijijini kwake kuzungumzia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, mvua ikanizuia, nikalala, na mwishowe nikakaa wiki nzima. Usiku wa kwanza ulikuwa wa Alhamisi. Baada ya chakula alikivuta kibao kirefu hadi ukutani, chini ya kalenda, akapanga juu yake vifuu saba vya nazi. Kifuu cha kwanza kilikuwa cha Jumamosi, cha mwisho cha Ijumaa. Kisha akafungua kikapu kidogo chenye kokoto na vipande vya chungu kilichovunjika, na watu wote wa nyumba wakasogea.

Alianza na kokoto. Kokoto moja kubwa ni asubuhi moja ya mtu mzima. Kokoto ndogo ni mchana wa mtoto akishatoka shule. Nyumba ilikuwa na watu wazima watatu wa kwenda shamba, yaani binti yake, mwanawe wa kiume na mke wa huyo mwanawe. Yeye mwenyewe alikuwa na kokoto yake, lakini haikutoka nyumbani: ilikuwa ya kugeuza korosho juani na kuchambua. Kulikuwa na mjukuu wa darasa la sita, mwenye kokoto ndogo, na mjukuu wa kidato cha nne. Huyu wa kidato cha nne alikuwa kwenye mitihani ya taifa, maana tulikuwa Novemba. Kokoto zake bibi alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga, na alisema hazifunguliwi mpaka karatasi ya mwisho.

Ukitazama hapo tayari kuna jambo ambalo mpango wa simu hulikosa kwa urahisi. Ukiandika "watu sita" kwenye safu, simu itakupa watu sita kila siku. Bibi hakuwa na watu sita. Alikuwa na kokoto tatu kubwa za shamba, siku ya Ijumaa mbili tu kwa sababu mwanaume huenda msikitini na asubuhi yake ni fupi, na kokoto moja ndogo ambayo nusu ya wiki humezwa na maji. Wewe wa Newala unajua habari ya maji juu ya uwanda wa Makonde. Bomba likikata, mtu anateremka bondeni na kupanda tena, na hiyo ni kazi kamili. Bibi yule aliitoa kokoto ya maji kabla ya kufikiria korosho hata moja.

Kisha akachukua vigae. Vilikuwa vinne, kwa sababu majamvi yalikuwa manne, na kigae hakikuwekwa kwenye kifuu kimoja. Akisema Jumamosi tunajaza jamvi moja, aliweka kigae kwenye kifuu cha Jumamosi, akagusa kwa kidole cha Jumapili na cha Jumatatu, akisema, "Hapa lipo, na hapa lipo." Kigae kilibaki pale na hakikuruhusiwa kuhesabiwa tena mpaka Jumatatu jioni, korosho zikishakauka na jamvi kukunjwa. Hiyo ndiyo siri yote. Kokoto ikitumika Jumamosi, Jumapili inapatikana mpya, kwa kuwa mtu amelala na ameamka. Kigae kikitumika Jumamosi kimekwenda kwa siku tatu.

Sasa hesabu za nyumba ile, ambazo kwa bahati zinalingana na zako kwa watu na kwa majamvi. Kwa kipimo cha bibi mwenyewe, mtu mzima mmoja kwa asubuhi moja aliokota na kukonyoa mabibo ya kutosha kupata ndoo mbili za lita 20. Jamvi lake moja lilipokea ndoo tatu, zikitandazwa nyembamba, korosho isipande juu ya mwenzake. Jua likiwa zuri zilikaa siku tatu. Majamvi manne kwa ndoo tatu ni ndoo 12, ukigawa kwa siku tatu unapata ndoo nne kwa siku. Ndoo nne ndicho kipimo cha nyumba ile, na hakuna kokoto inayoweza kukibadili.

Wiki yake ilienda hivi. Jumamosi watu wazima watatu waliokota ndoo sita, wakajaza majamvi mawili. Jumapili sita nyingine, mawili yaliyobaki. Jumatatu hakuna aliyeokota. Vigae vyote vinne vilikuwa nje, na hapo ndipo mkwe aliuliza kwa upole kama si afadhali waendelee kwa kuwa korosho zimeanguka nyingi. Bibi hakubishana. Alimpa kikapu mkononi akamwambia, "Nitolee kigae." Mkwe akatazama ndani, akacheka, akakirudisha. Jumatatu ile mwanaume alipeleka magunia ya wiki iliyopita chama cha msingi, wanawake wakafagia chini ya mikorosho na kushona magunia ya juti. Jumatatu jioni majamvi mawili yakaachia. Jumanne wakaokota, Jumatano wakaokota, Alhamisi wakapumzika tena kuokota, wakasafisha shamba la mahindi linalosubiri mvua. Ijumaa wanawake wawili wakaokota jamvi moja, mengine yakangoja Jumamosi.

Rudi sasa kwenye msimu wako. Watu wazima watatu na vibarua wanne ni mikono saba. Tukichukua kipimo cha yule bibi, ni ndoo 14 kwa siku. Majamvi yako yote manne yamejaa siku ya kwanza, na ndoo mbili hazina pa kukaa. Siku ya pili zinaingia 14, hakuna hata jamvi moja lililo wazi. Siku ya tatu 14 nyingine. Jioni ya siku ya tatu umeokota ndoo 42, zilizopo juani ni 12, na 30 zimerundikwa ndani au kwenye kibaraza. Ndoo moja ya korosho ni kilo 11 au 12 hivi, kwa hiyo lile rundo ni zaidi ya magunia manne ya kilo 80. Simu yako ilionyesha kazi imekwenda mbele. Kweli ilikwenda, ila ilikwenda mbele upande usiokuwa na shida, na kila siku uliyowalipa vibarua ulikuwa unanunua rundo kubwa zaidi.

Naomba hapa tukae kidogo, kwa sababu wengi hudhani korosho iliyo ndani ya ganda gumu inaweza kusubiri popote. Korosho iliyookotwa leo ina maji mengi, inaweza kuwa karibu asilimia 25 ya uzito wake, na inatakiwa ishuke hadi asilimia 9 au chini ndipo ihifadhiwe. Ni mbegu, bado ina uhai, inapumua. Ikitandazwa, jua na upepo huchukua maji yale pamoja na joto. Ikirundikwa, joto hubaki katikati, maji hutoka kama jasho na kushika maganda ya jirani, na ukungu hupata kila unachohitaji. Ukiingiza mkono katikati ya rundo la siku mbili utasikia uvuguvugu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na huja kabla hujaona chochote kwa macho. Baadaye ganda hupoteza rangi yake ya kijivu na kuwa na madoa meusi, na kiini ndani huwa na manjano au vidoadoa. Kukianika baada ya hapo kutakausha, lakini madoa hayatoki. Ndiyo maana korosho zako zilishushwa daraja hata kama siku ya kupima zilikuwa kavu.

Hapo unaweza kuuliza, basi zikae wapi zile zilizoanguka Jumatatu ya bibi ambayo hakuna aliyeokota? Zilikaa chini ya mkorosho. Najua sisi wataalamu tunawaambia wakulima waokote kila siku, na ushauri huo ni sahihi kwa mwenye pa kuanikia. Lakini ukilazimika kuchagua kati ya korosho kulala siku moja au mbili juu ya ardhi kavu iliyofagiwa, na korosho hiyohiyo kulala ndani ya rundo, ardhi kavu ni bora. Pale inapata hewa, na bibo lenyewe linaanza kunyauka. Ndiyo sababu Jumatatu ile kazi ya wanawake ilikuwa kufagia. Kufagia ndiko kulikowapa nafasi ya kusubiri. Hatari zipo, na ni tatu: mvua, wizi na majani marefu yanayoficha korosho mpaka zichipue. Kama shamba lenu liko mbali na nyumba, au limeota majani, au wingu limeanza kusimama kila alasiri, njia hii ya kuziacha chini si yenu.

Sasa kalenda. Mwanzoni nilidhani ni pambo tu, maana kokoto haziwezi kukaa ukutani. Kalenda ilikuwa ya mambo yasiyosogea. Kwa kipande cha mkaa bibi alikuwa ameweka alama kwenye siku ambayo chama cha msingi kinapokea mzigo kabla gari halijaenda ghala kuu, tarehe za mtihani wa mjukuu, arusi ya jirani, na siku ya kliniki ya mtoto wa mkwe wake. Kabla ya kuweka kokoto yoyote alisoma wiki nzima ukutani kwa sauti, au tuseme alimfanya mjukuu asome, yeye akiondoa kokoto kwenye vifuu. Arusi, toa mbili. Kliniki, toa moja. Kilichobaki kwenye kifuu ndiyo siku halisi.

Na haikuwa kalenda moja. Msumari ule ulibeba kalenda za miaka mitatu, ya zamani ikiwa nyuma. Kila siku iliyonyesha mvua ilikuwa na mkwaju mfupi wa mkaa. Alipofika Novemba alizifunua, akanionyesha: mwaka mmoja mikwaju ilianza mwisho wa Novemba, mwaka mwingine wiki ya kwanza ya Desemba. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na inaanza palepale ambapo korosho bado zinaanguka na shamba la mahindi linaita. Kwa bibi yule mikwaju ilikuwa na kazi moja tu. Kuanzia wiki ya mkwaju wa mapema kuliko yote, kokoto ndogo ya mtoto ilihama shamba na kukaa mlangoni, yaani mtoto anakuwa nyumbani mchana ili kuwe na watu wawili wa kukunja majamvi wingu likitokea. Kukunja jamvi lenye ndoo tatu ni kazi ya watu wawili, bibi peke yake hawezi.

Wiki niliyokuwa pale ilinyesha Jumatano, kama saa tisa alasiri. Mtoto alikuwa bondeni kwenye maji. Mkwe alikuwa amerudi mapema kwa bahati, wakakimbia na bibi, wakaokoa majamvi matatu. La nne, lililojazwa asubuhi hiyohiyo, lilinyeshewa. Nilitarajia kelele. Bibi aliingia ndani na nguo zimelowa, akakaa mbele ya kibao, akachukua kigae cha jamvi lile ambacho kilipaswa kuachia Ijumaa jioni, akakisogeza mpaka Jumapili jioni. Kisha akatazama vifuu vya wiki ijayo. Jumapili ilikuwa imebakiwa na jamvi moja tu la kujaza, na sasa halipo. Akatoa kokoto zote za Jumapili, akaita watu, akawaambia usiku uleule: Jumapili hatuokoti, Jumapili tunakwenda kwenye arusi wote. Siku nne kabla, nyumba nzima ilijua. Mwanawe, ambaye alikuwa na ahadi ya kumleta rafiki yake aje kusaidia Jumapili kwa malipo, alikwenda kumwambia asije.

Hicho ndicho ninachokipenda kwenye kokoto na vigae, na ndicho kitakachokuwa kigumu kukihamishia kwenye simu. Kigae kikisogea, kila mtu chumbani anakiona kikisogea. Huwezi kuweka kigae cha tano kwa sababu hakipo kikapuni. Kwenye simu unaweza kuandika "anika ndoo 14" na hakuna kitu kitakachokuzuia, wala hakuna mtu mwingine atakayekuona ukiandika.

Lakini sitakuambia kokoto hazina upungufu. Wiki ikiisha vifuu vinamwagwa na habari yote inapotea. Yule bibi alikumbuka mvua kwa sababu ya mikwaju, lakini nilipomuuliza msimu uliopita jamvi moja lilichukua siku ngapi kukauka katika wiki za mawingu, alinijibu "nyingi". Hapo ndipo anapoumia bila kujua. Siku tatu ni za jua zuri la Oktoba. Novemba ikikaribia mwisho, mawingu yakisimama, zinakuwa nne au tano. Majamvi manne kwa siku nne ni ndoo tatu kwa siku badala ya nne. Kwa siku tano ni ndoo mbili na nusu hivi. Yaani uwezo wa nyumba unapungua karibu nusu wakati watu walewale wapo na korosho bado zinaanguka. Mtu asiyeandika atalaumu uvivu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la mwisho ni kwamba mpango wa wiki umwachie bibi na vifuu vyake, na simu uipe kazi ya kukumbuka. Kila jamvi lipe namba. Andika siku lilipojazwa, ndoo ngapi, na siku lilipokunjwa. Mambo hayo matatu tu. Baada ya wiki mbili utakuwa na siku za kukauka za nyumba yenu wenyewe, si za yule bibi wa Tandahimba wala zangu, na kila Alhamisi utaweza kumwambia bibi: sasa hivi ni siku nne, siyo tatu. Yeye atagusa kifuu kimoja zaidi. Kipimo chako ni hiki, na ndicho safu iliyokosekana:

```
ndoo kwa siku = majamvi × ndoo kwa jamvi ÷ siku za kukauka
```

Kisha vipige picha vile vifuu kila Alhamisi vikiwa vimepangwa. Ni sekunde moja, na mwakani utakuwa na kumbukumbu ambayo mkaa hauwezi kuiweka.

Kuhusu vibarua, sikukatazi, ila usiwaite kwa sababu korosho zimekuwa nyingi chini. Waite pale tu ambapo mmebakiwa na vigae kikapuni na kokoto zimekwisha. Kama ni vigae vilivyokwisha, fedha ile inunue majamvi au turubai. Kibarua unamlipa kila siku. Jamvi unalinunua mara moja na linafanya kazi mpaka msimu mwingine. Ukiongeza majamvi mawili kwenye yale manne, kwa jua la siku tatu unatoka ndoo nne hadi sita kwa siku, na hizo watu wazima wenu watatu wanazimudu bila mgeni. Turubai hukunjwa haraka mvua ikija, lakini chini yake hutoa jasho usiku, kwa hiyo ligeuzwe asubuhi na korosho zisitandazwe mpaka limekauka. Sakafu ya saruji hukausha haraka kuliko vyote. Shida yake ni kuzoa: hakuna kukunja, na wingu likikukuta peke yako utazoa mpaka unyeshewe.

Na tafadhali, jamvi lisikunjwe kwa tarehe. Kigae kinasema Jumatatu jioni, lakini korosho ndiyo yenye neno la mwisho. Chukua kadhaa kutoka katikati ya jamvi, siyo pembeni ambako hukauka mapema. Zitikise karibu na sikio: iliyokauka kiini chake kinagonga ndani. Bonyeza kwa ukucha: ganda kavu halipokei alama. Rangi nayo imetoka kwenye ukijani na kuwa kijivu. Ikishindwa jaribio moja, inalala tena, na bibi asogeze kigae. Ikiwa imepita, iache ipoe kivulini kwanza, ndipo iingie gunia la juti, na gunia likae juu ya mbao au kichanja, mbali na ukuta. Ukitia korosho zenye moto wa jua moja kwa moja kwenye gunia na kulifunga, unaanzisha rundo lilelile kwa upya, dogo na lililoshonwa.

Jambo moja naliogopa kwa nyumba iliyoumia kama yenu. Rundo la korosho mbichi likishaanza kuchemka, mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, hupata habari haraka kuliko afisa ugani. Atakuja usiku, atapima kwa bakuli lake, atatoa bei ambayo kwa hofu itaonekana ni msaada. Msikubali. Rundo la siku moja au mbili bado linaokoka: litandazeni hata uani, hata juu ya khanga na mashuka, nyembamba, mligeuze mara kwa mara, na msichanganye hata ndoo moja ya hizo na zile kavu. Gunia moja lililochanganywa huharibu jina la mzigo wote siku ya kupima, ilhali zikitenganishwa zile nzuri zitakwenda mnadani na daraja lake.

Mpaka hapo maneno ya mbali yanatosha. Yapo ya kuonwa kwa macho. Kabla hamjapeleka mzigo wa kwanza, chukueni korosho kumi kutoka kila gunia, mzipasue. Mkikuta viini vyenye manjano, madoa au harufu ya uvundo kwenye zaidi ya moja au mbili, msipeleke. Mwiteni afisa ugani wa kata aje azione hukohuko nyumbani, na mwambieni mwendesha ghala wa chama cha msingi mapema, kwa sababu mzigo unaorudishwa ukiwa tayari ghala kuu ni gharama na ugomvi. Kama korosho ziliokotwa na kuanikwa vizuri na bado viini vimesinyaa au vina madoa, basi tatizo lilianzia mtini, kwenye ubwiriunga au wadudu wanaofyonza tunda changa, na hapo kigae hakina msaada. Afisa ugani atawaelekeza, na ikihitajika sampuli itafika kituo cha utafiti cha Naliendele.

Na Alhamisi hii, kabla hujafungua simu, mwombe bibi akuonyeshe jamvi lake moja linapokea ndoo ngapi. Usimwambie tatu kwa sababu mimi nimesema tatu. Mwache atandaze mwenyewe, uhesabu. Akisema mbili na nusu, andika mbili na nusu.